Glavu moja, mizio miwili: kutofautisha aina ya kwanza na aina ya nne kwenye mtihani wa kinga

Swali la aina hii hurudi karibu kila mtihani wa somo la kinga ya mwili. Muuguzi anaanza kutumia glavu mpya za mpira. Siku mbili baadaye viganja na migongo ya mikono yake inawasha, ngozi imekuwa nyekundu na imetoa malengelenge madogo, na vipele vinaishia kwenye kifundo cha mkono, pale pale glavu inapoishia. Hana chafya, hakohoi, pumzi iko sawa. Je, mwitikio huu unasababishwa na nini?

A. Kingamwili IgE zilizo juu ya seli masti
B. Kingamwili IgG zinazoshambulia seli za mwili
C. Mafungu ya antijeni na kingamwili yanayotuama kwenye tishu
D. Seli T zilizokwisha kuitambua kemikali hiyo

Mizio hugawanywa katika aina nne, na A hadi D hapo juu zinafuata mpangilio huo. Jibu ni D, yaani aina ya nne. Wengi huchagua A kwa sababu wameona neno glavu, wakakumbuka lateksi, na lateksi wamekariri kuwa mfano wa aina ya kwanza. Hawajakosea kwamba lateksi huleta aina ya kwanza. Kosa ni kusoma jina la kitu na kuacha saa, na swali limetaja siku mbili makusudi.

Tubadilishe jambo moja tu. Muuguzi yule yule anavaa glavu zile zile, na ndani ya dakika kumi anapata vivimbe vyeupe vinavyowasha, macho yanatoa machozi, anapiga chafya na kifua kinaanza kubana. Sasa jibu ni A. Ndani ya glavu ya lateksi kuna vitu viwili tofauti vya kuwaza: protini za utomvu wa mpira, ambazo ndizo huchochea IgE, na kemikali ndogo zinazotiwa kiwandani ili mpira ukomae haraka, kama vile thiuramu, ambazo ndizo huchochea seli T. Ndiyo maana mtu mwenye mzio wa aina ya nne anaweza kuhamia glavu za naitraili na vipele visikome, kwani baadhi ya glavu hizo nazo zina kemikali za kundi hilo. Mwenye aina ya kwanza hupata nafuu akiachana na lateksi, maana naitraili haina protini zile.

Tofauti ya saa ina sababu yake. Katika aina ya kwanza silaha iko tayari: seli masti zimekaa kwenye ngozi na kwenye utando wa njia ya hewa, zikiwa zimebeba IgE kwa nje na vifuko vya histamini kwa ndani. Protini ikiunganisha IgE mbili zilizo jirani, vifuko hupasuka. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, ndipo kivimbe kinapotokea na presha inaposhuka, na misuli ya njia ya hewa hubana. Zote hizo ni kazi za dakika chache. Mfano mkubwa kabisa ni anafilaksia baada ya kuumwa na nyuki au kula karanga, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, kwa mtu mzima miligramu 0.5 ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Antihistamini haichukui nafasi yake.

Katika aina ya nne hakuna kingamwili inayohusika. Kemikali kama nikeli au thiuramu ni ndogo mno kutambuliwa peke yake, kwa hiyo hujishikiza kwanza kwenye protini za ngozi. Seli T zenye kumbukumbu zinapaswa kufika mahali hapo kutoka kwenye damu, kukitambua kitu hicho, kutoa sitokini na kuita makrofaji. Safari hiyo huchukua saa 48 hadi 72. Kinachoonekana ni ugumu wa ngozi uliojaa seli, au ukurutu wenye malengelenge, wala si kivimbe cha maji kinachokuja na kutoweka.

Vipimo viwili vya ngozi vinaionyesha saa hiyo waziwazi. Kipimo cha kuchoma ngozi, cha aina ya kwanza, husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, na kivimbe kikizidi kile cha tone la kulinganishia kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Kipimo cha kibandiko, cha aina ya nne, hukaa mgongoni saa 48, kisha husomwa kinapobanduliwa na tena siku moja au mbili baadaye. Antihistamini huharibu kipimo cha kwanza na haigusi sana cha pili, kwa kuwa histamini si mhusika mkuu huko. Dawa za steroidi zikipakwa mahali pa kibandiko ndizo huweza kukipa jibu hasi la uongo.

Mfano wa aina ya nne unaopendwa zaidi na watunga mitihani ni kipimo cha Mantoux cha kifua kikuu: mililita 0.1 ya tuberkulini ndani ya ngozi ya kigasha, kusomwa saa 48 hadi 72. Hapa kuna mtego wa mkono. Kinachopimwa ni upana wa ugumu unaoguswa kwa kidole, kimapana mwa mkono, si wekundu. Mtego wa pili ni mgonjwa wa kifua kikuu ambaye kipimo chake ni hasi: kama seli T zake za CD4 zimeshuka sana, hakuna seli za kuuleta ugumu huo. Jibu hasi halimwondolei ugonjwa.

Baadhi ya maswali hayataji dalili kabisa, yanauliza tu mzio huhamishwaje kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka 1921 mtafiti Prausnitz alijidunga kwenye ngozi yake seramu ya mwenzake Küstner, aliyekuwa na mzio wa samaki. Kesho yake alipodunga maji ya samaki mahali pale, pakavimba. Seramu pekee ilitosha, kwa hiyo hiyo ni aina ya kwanza. Mwaka 1942 Landsteiner na Chase walionyesha kwa giniapigi wa maabara kwamba mzio wa kemikali ya kugusa ngozi huhamishwa na seli hai. Seramu haikutosha, na hiyo ni aina ya nne.

Kuna sehemu ambazo saa peke yake hudanganya. Aina ya kwanza inaweza kuwa na wimbi la pili saa 4 hadi 8 baadaye, seli za eosinofili zinapofika, hasa kwa wenye pumu. Hilo bado ni aina ya kwanza. Mkono uliovimba na kuuma saa chache baada ya chanjo ya marudio ya pepopunda unaweza kuwa ni aina ya tatu. Penisilini nayo isichaguliwe kwa jina lake, kwa sababu inaweza kuleta aina zote nne: anafilaksia ya dakika chache, kuvunjika kwa chembe nyekundu, homa na maumivu ya viungo baada ya wiki moja au mbili, au vipele vya seli T vinavyochelewa.

Na ikiwa swali linasema mtu amegusa kitu hicho kwa mara ya kwanza kabisa maishani na akachubuka siku ile ile, A na D zote ziondolewe. Aina zote mbili zinahitaji mguso wa awali, na uzoeshaji wa seli T huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Ngozi iliyochubuka siku ya kwanza, ikiuma zaidi ya kuwasha, kwa kawaida imeunguzwa tu na sabuni, jasho au kemikali kali, na kinga haijafanya mzio wowote.