Losheni inaacha shilingi 130, unga unaacha 10: ni rafu ipi inastahili pesa zaidi?

Chukua duka la rejareja pale Kondele, Kisumu, lenye unga wa mahindi sakafuni na rafu ya losheni nyuma ya kaunta. Duka hili ni la mfano na bei zake ni za mfano, lakini mwenye duka yeyote wa huku ataitambua hali yake. Beli moja ya unga, yaani pakiti 12 za kilo 2, inafika dukani kwa shilingi 1,500, nauli ya gari ikiwa ndani. Kila pakiti huuzwa 135. Losheni hununuliwa 250 na kuuzwa 380. Kwa hiyo pakiti ya unga inaacha shilingi 10, na chupa ya losheni inaacha 130.

Dhana potofu: bidhaa yenye faida kubwa kwa kila kipande ndiyo ya kuongezewa pesa

Hii ndiyo inayojaza rafu za maduka mengi vitu vilivyopigwa vumbi. Shilingi 130 ni tamu kuiona, lakini haikuambii chupa ilikaa rafuni muda gani kabla ya kuiacha hiyo faida, wala ni chupa ngapi nyingine zilikuwa zimelala kando yake zikisubiri mteja.

Hesabu inayojibu maswali hayo mawili kwa pamoja hupima faida ghafi inayoletwa na kila shilingi uliyoifungia kwenye stoki. Kwenye ripoti za programu za duka utaiona ikiandikwa hivi:

```
GMROI = faida ghafi ya mwaka / wastani wa stoki kwa bei ya kununulia
```

Anza na unga. Duka linauza beli 4 kwa wiki, yaani pakiti 48, na faida yake ni shilingi 480. Kwa wiki 52 hiyo ni 24,960. Unga huletwa mara moja kwa wiki, beli 4, huku beli 1 ya akiba ikiwa bado ipo. Basi siku ya kuletewa kuna beli 5, na siku ya mwisho kuna 1. Wastani ni beli 3, sawa na shilingi 4,500. Gawa 24,960 kwa 4,500 upate 5.55. Kila shilingi iliyomo kwenye unga inaleta faida ya shilingi 5 na senti 55 kwa mwaka.

Sasa losheni. Zinatoka chupa 3 kwa wiki, faida 390, na kwa mwaka 20,280. Lakini rafuni kuna aina 12, kila aina chupa 8. Hizo ni chupa 96, na kwa bei ya kununulia ni shilingi 24,000. Gawa 20,280 kwa 24,000 upate takriban 0.85. Kila shilingi iliyoko huko inaleta senti 85 kwa mwaka mzima.

Bidhaa yenye faida ya asilimia 34 ya bei ya kuuzia imeshindwa vibaya na ile yenye asilimia 7. Losheni yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba pesa za kununua beli 16 za unga zimekaa rafuni ili ziuze chupa 3 kwa wiki.

Dhana potofu: stoki ukiihesabu siku moja inatosha

Rudi kwenye unga uleule. Ukihesabu jioni ya siku gari limeshusha, utakuta beli 5, yaani 7,500, na jibu litakuwa 3.33. Ukihesabu asubuhi kabla gari halijafika, utakuta beli 1, yaani 1,500, na jibu litaruka hadi 16.64. Duka ni lilelile, mauzo ni yaleyale, ila umebadilisha siku. Watu wengi huhesabu mali siku duka likiwa tupu kwa sababu kazi ni nyepesi, kisha wanaamini jibu zuri kupita kiasi.

Kwa bidhaa zinazoletwa kila wiki, hesabu mara mbili, baada ya kushusha na kabla ya kushusha tena, kisha chukua wastani. Kwa zile zinazokaa, kama losheni, hesabu mwisho wa kila mwezi inatosha. Thamani iwe ya bei uliyonunulia, si bei ya kuuzia. Ukizidisha chupa 96 kwa 380 badala ya 250, umeshaingiza kwenye mtaji faida ambayo bado hujaipata.

Upande wa faida nao una mitego. Punguzo ulilompa mteja, chupa iliyovuja na pakiti iliyotobolewa na panya vyote vitolewe kwenye faida kabla ya kugawa. Na kama duka limesajiliwa kwa kodi ya VAT, ile asilimia 16 iliyomo kwenye bei si yako. Katika 380 ya losheni, shilingi 52.41 ni za KRA. Ukiitoa kodi pande zote mbili, ya kununua na ya kuuza, faida ya chupa inashuka kutoka 130 hadi karibu 112.

Onyo dogo kuhusu msimu: daftari, viatu na masanduku ya shule huuzwa kwa fujo shule zinapofunguliwa, kisha hutulia. Ukichukua faida ya Januari na kuizidisha kwa 12, utanunua masanduku ya kukaa nayo hadi Mei.

Dhana potofu: ukipewa punguzo la jumla, nunua mengi

Muuzaji wa jumla anamwambia mwenye duka achukue beli 40 kwa mpigo, kila moja kwa 1,470 badala ya 1,500. Inasikika kama pesa ya bure, kwa kuwa anaokoa shilingi 1,200 papo hapo.

Wateja wa mtaa hawaongezeki kwa sababu stoo imejaa, kwa hiyo bado zitauzwa beli 4 kwa wiki. Faida ya beli inapanda kutoka 120 hadi 150, na ya mwaka inafika 31,200. Ni shilingi 6,240 zaidi ya mwanzo, na hiyo ni pesa ya kweli. Lakini beli 40 huchukua wiki 10 kuisha. Pamoja na ile akiba ya beli 1, wastani wa stoki sasa ni beli 21, yaani shilingi 30,870. Jibu la hesabu limeporomoka kutoka 5.55 hadi 1.01.

Linalofaa kutazamwa zaidi ni zile pesa za nyongeza peke yake. Amefungia shilingi 26,370 zaidi ili apate 6,240, sawa na senti 24 kwa shilingi. Hizo ni mbaya kuliko hata losheni zilizolala. Na hapo bado hatujahesabu unyevu wa stoo nyakati za mvua, pakiti za chini zinazopasuka kwa uzito wa zilizo juu, na fukusi. Pengine mtu mwenye pesa zisizo na kazi nyingine kabisa anaweza kukubali senti 24. Anayekopa ili anunue beli 40 alinganishe kwanza riba ya mkopo wake na hizo senti 24.

Dhana potofu: jibu likiwa kubwa, mimina pesa; likiwa dogo, ondoa bidhaa

Hapa ndipo hata waliojifunza hesabu hii hukosea, kwa hiyo twende polepole.

Jibu la 5.55 ni wastani wa pesa zilizokwisha kuwekwa kwenye unga. Haliahidi kwamba shilingi ijayo nayo italeta 5.55, na beli 40 zimetuonyesha kwamba italeta kidogo sana. Pesa mpya huzaa pale tu ambapo bidhaa ilikuwa inaisha kabla mteja hajaisha.

Vivyo hivyo, 0.85 ya losheni haimaanishi rafu yote ibomolewe. Ivunje kwa aina. Tuseme katika chupa 3 za wiki, 2 hutoka kwenye aina 3, na ile moja inatoka kwa zamu kwenye aina 9 zilizobaki. Ukibaki na zile aina 3, una chupa 24 zenye thamani ya 6,000, faida ya mwaka ni 13,520, na jibu linapanda hadi 2.25. Umepoteza faida ya 6,760 na umekomboa shilingi 18,000. Ina maana zile chupa 72 zilikuwa zikirudisha takriban senti 38 kwa shilingi. Hilo ndilo lengo la kushinda: pesa zilizokombolewa zikileta zaidi ya 6,760 kwa mwaka, umefanya vizuri.

Ila hazikomboki kwa kuacha tu kuagiza. Chupa 72 zikitoka moja kwa wiki zitachukua wiki 72, na nyingine zitapitwa na tarehe ya mwisho ya kutumika. Shusha bei hadi 280, na zikigoma, hadi 250, pesa yako irudi nzima.

Kisha ziende wapi? Katika duka hilihili, trei 5 za mayai hununuliwa Jumatatu, na kufikia Alhamisi jioni zimekwisha. Trei ni 360, yai ni 15, na ukiruhusu yai moja kuvunjika kwa kila trei, inabaki faida ya 75. Kuongeza trei 3 ili mayai yafike Jumapili kunaleta 225 kwa wiki, au 11,700 kwa mwaka, na pesa inayohitajika haizidi 1,080. Mayai peke yake yameshapita ile 6,760. Lakini yamemeza 1,080 tu, na trei ya nne inaweza kubaki hadi Jumatatu. Bado kuna 16,920 mkononi, na kuzirundika zote kwenye mayai kungerudisha kosa la beli 40.

Ili kujua zigawanywe wapi, weka daftari dogo kando ya kaunta kwa wiki mbili. Kila mteja akiuliza kitu na kukikosa, andika kitu hicho, siku na saa. Jina linalorudi kila wiki siku ileile ni bidhaa inayoisha mapema, na kiasi cha kuongeza ni kile cha kuifikisha hadi gari lijalo. Linalotokea mara moja tu halihitaji kununuliwa. Kama orodha ni fupi kuliko pesa zilizobaki, zinazobaki zilipe deni la muuzaji wa jumla.

Kabla ya kuondoa chochote, angalia pia kile kinachouzwa pamoja nacho. Anayekuja kuchukua unga huondoka na chumvi, sabuni na kiberiti, na hesabu hii haioni hilo. Haioni pia stima ya friji ya soda wala nafasi ambayo beli zimeziba mlangoni.