Risasi kwenye damu ya fundi betri

Ukimwambia kijana anayevunja betri kuukuu za magari kwamba damu yake ina risasi, kwanza hujipapasa mkono kama anayetafuta tundu. Inabidi kuanza upya: si risasi ya bunduki, ni yale madini ya kijivu, mazito na laini, anayoyatoa ndani ya betri kila siku na kuyayeyusha kwenye tanuri. Swali lake la pili huwa gumu zaidi. "Mbona sijisikii vibaya?"

Ni kweli hajisikii vibaya. Mtu anaweza kuwa na risasi nyingi mwilini na bado akabeba mizigo, akacheza mpira jioni na kulala vizuri. Dalili zinapokuja, hazina jina la risasi. Tumbo linasokota, choo kinakuwa kigumu, viungo vinauma, uchovu hauishi. Atatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na kila baada ya dozi atarudi kwenye vumbi lilelile. Ndiyo maana kwa wafanyakazi wa aina hii hatusubiri dalili. Tunapima.

Vipimo vya afya kazini havifanani. Mwendesha mashine ya kusaga nafaka tunampima usikivu. Kelele huanza kumla kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, wakati mazungumzo ya kawaida bado anayasikia vizuri. Grafu yake inaonyesha bonde hapo miaka kadhaa kabla mkewe hajaanza kulalamika kwamba redio ina kelele. Lakini bonde likionekana na likabaki hata baada ya sikio kupumzika, seli za ndani zimeshakufa na hazioti tena. Tunachoweza kuokoa ni zile zilizobaki. Damu ni tofauti. Damu inatuonyesha sumu ikiwa bado njiani, mara nyingi kabla haijaacha jeraha la kudumu.

Kipimo cha kwanza kinachukuliwa kabla mtu hajaanza kazi, la sivyo hatutajua alikuja na kiasi gani. Mkono unaoshwa vizuri kwa sabuni na maji kabla ya sindano, kwa sababu vumbi la risasi lililoganda kwenye ngozi likiingia na tone la damu linapandisha majibu bila sababu. Damu ya kutoboa kidole inafaa kwa uchunguzi wa awali tu. Ikionyesha kiasi kikubwa, tunarudia kwa damu ya mshipa. Halafu kuna kosa la maabara ambalo hutokea kimyakimya: mtu anazungusha chupa, anatenga maji ya juu ya damu na kupima hayo. Karibu risasi yote ya kwenye damu, takriban asilimia 99, imekaa ndani ya chembe nyekundu. Ukipima maji ya juu utapata majibu mazuri ya uongo. Lazima ipimwe damu nzima, kwenye chupa isiyo na mabaki ya madini.

Tuchukue mfano wa vijana wawili walioanza siku moja kwenye karakana ya kuyeyusha betri. Wote wanaanza na mikrogramu 4 kwa desilita. Baada ya miezi minne, wa kwanza ana 17, wa pili ana 46. Msimamizi atasema wa pili ni mchafu, hajui kunawa. Huenda. Lakini ukienda kusimama pale karakanani saa nne asubuhi, unaona mengine. Wa kwanza yuko upande wa kumwaga risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, chini ya bomba linalovuta moshi. Wa pili anapasua betri kwa panga, anazikung'uta, na mwisho wa zamu anafagia sakafu kavu kwa ufagio wa chelewa. Chai inapofika, anakalia betri, anashika chapati kwa vidole vilevile. Barakoa yake ni ya kitambaa, na ameishusha kidevuni ili aweze kuongea. Namba 46 inamhusu yeye, ndiyo, lakini zaidi inaisimulia ile kona. Mweke mwingine pale, mwenye kunawa kuliko wote, naye atapanda.

Anaondolewa kwenye kona hiyo na kupewa kazi isiyo na risasi. Mwezi mmoja baadaye ana 28, mwezi wa pili ana 19. Hivyo ndivyo damu inavyosafika kwa mtu aliyeguswa muda mfupi: nusu ya risasi huondoka kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mzee aliyefanya kazi hiyo miaka 15 hali yake ni nyingine. Anaanza na 44, na baada ya miezi mitatu ya mapumziko bado ana 36. Hajadanganya wala hajarudi kwa siri. Sehemu kubwa ya risasi ya mtu mzima huhifadhiwa kwenye mifupa, inakaa humo miongo, na inairudishia damu kidogo kidogo. Kwa mwanamke mjamzito akiba hiyo ya mifupa inaweza kumfikia mtoto tumboni, hata kama kazi aliiacha miaka mingi nyuma.

Kiasi gani ni kingi? Kanuni ya Marekani ya mwaka 1978 ilitaka mfanyakazi wa kiwandani aondolewe akifikia 60, au wastani wa 50, na arudi akishuka chini ya 40. Viwango hivyo viliwekwa zamani, na kwa maoni yangu ni vya juu mno: shinikizo la damu na figo huanza kuathirika chini zaidi ya hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe mtu akifikia 5 tu. Mimi nikiona 20 kwa mtu wa karakana, sisubiri ipande. Naenda kuangalia ufagio.

Wapo waajiri wanaotafuta njia ya mkato. Moja ni kuwapa wafanyakazi dawa za kutoa risasi mwilini huku wakiendelea na kazi. Dawa hizo zipo, na kwa mgonjwa mahututi hospitalini zinaokoa maisha, lakini kwa mtu anayebaki kwenye vumbi zinaweza hata kumfanya afyonze risasi zaidi, na zinashusha namba ambayo ndiyo ilikuwa inatuonya.

Njia nyingine ni ngumu kuigundua kwenye makaratasi. Orodha inakuja kwetu, majina 30, majibu yote yanapendeza. Unauliza nani anapasua betri. Kimya kidogo. Kumbe ni vibarua, wanaajiriwa kwa wiki sita wanaondoka, na hakuna hata mmoja aliyemo kwenye orodha. Sumu haijapungua, imegawanywa kwa watu wengi ambao hatutawaona tena, na ambao kila jioni walirudi nyumbani na ovaroli yenye vumbi, watoto wakiwapokea mlangoni. Kwa hiyo siku hizi naanza na daftari la malipo ya vibarua, halafu ndiyo naomba majibu ya damu.