Mshahara uliochelewa: kwa nini malimbikizo hayarudishi kilichopotea

Ikiwa mshahara umechelewa karibu miezi miwili lakini mwishowe ukalipwa wote, bila hata senti kukatwa, mtu amepoteza nini hasa?

Amepoteza tarehe. Na tarehe, kama tutakavyoona, ina bei yake kwa shilingi.

Jibu ambalo wengi huanza nalo, wakiwemo wahasibu wanaopaswa kujua zaidi, ni kwamba hakupoteza chochote. Pesa ni zile zile, zimekaa tu mahali pengine kwa muda. Wapo hata wanaosema kuchelewa ni akiba ya lazima: mtu angezitafuna Januari, sasa anazipata Machi kwa mkupuo na anaweza kununua bati. Wazo hilo lina ndugu yake, nalo ni kwamba mtumishi anayeishia mikononi mwa wakopeshaji baada ya majuma matatu bila mshahara hana nidhamu, kwa sababu jirani yake wa jua kali huishi mwaka mzima bila mshahara na hadaiwi hivyo.

Mfano huo wa jirani ndio unaobomoa hoja yenyewe. Fundi wa jua kali hana kodi ya nyumba ya 13,000 aliyoahidi kuilipa kila tarehe 5 kwa kuutegemea mshahara wa tarehe 30. Pato lake linayumba, na ahadi zake ameziacha ziyumbe nalo: anakodi chumba cha bei anayoimudu hata mwezi mbaya, na ananunua unga kwa kipimo cha siku. Mwenye mshahara ameingia ahadi ngumu kwa sababu aliahidiwa pato lisiloyumba. Pato likianza kuyumba, ahadi zinabaki pale pale. Hoja ya akiba ya lazima nayo inasahau kwamba mtu aliyejiwekea akiba huwa ameshakula. Huyu wa kucheleweshewa anakula pia, ila kwa pesa za watu.

Tuchukue watumishi wa kaunti nchini Kenya, ambako jambo hili limekuwa karibu desturi tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kaunti nyingi hukusanya mapato machache zenyewe na hutegemea mgao kutoka Hazina ya Kitaifa. Mgao ukichelewa, mishahara huchelewa. Wakati mwingine hata serikali kuu hujikuta hapo, kama Aprili 2023 ilipochelewesha mishahara ya Machi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara wa mwezi ulipwe mwisho wa mwezi, lakini mwenye nyumba hapokei kifungu cha sheria.

Sasa tuingie kwenye utaratibu wenyewe, na mfano ulio karibu ni mgao wa maji. Mtaa ukijua kwamba maji yatatoka Jumanne na Ijumaa, kila nyumba inanunua pipa moja na mambo yanakwenda. Si raha, lakini gharama inajulikana. Mtaa wa pili hauna ratiba. Maji yanaweza kurudi usiku huu au wiki ijayo. Hapo mkazi hanunui pipa, maana huenda maji yakatoka kesho likawa hasara. Ananunua mtungi mmoja kwa mwenye mkokoteni. Kesho yake ananunua mwingine. Baada ya siku kumi ameshalipia mapipa mawili, hana hata moja, na kila mtungi alionunua ulikuwa uamuzi wenye akili kwa siku ile. Tena mtaa wa pili unaweza kuwa umepata maji mengi kuliko wa kwanza. Kilichoufilisi ni neno “kesho”.

Mikopo hufanya kazi hivyo hivyo. Chukua muuguzi wa kubuni anayepokea 45,000 mkononi. Mshahara wa Januari utaingia tarehe 20 Machi, na hadi hapo atahitaji kukopa 30,000 kwa kodi, chakula na nauli. Angeambiwa tarehe hiyo mapema, angekwenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo akachukua 30,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Miezi miwili ni shilingi 600. Mwenye nyumba naye angepewa siku kamili ya kungoja.

Hakuambiwa. Tarehe 4 Februari uvumi unasema mshahara ni wiki hii, basi anachukua 10,000 kwa simu, mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5: ni 750. Tarehe 14 pesa zimekwisha, na shailoki wa pale sokoni anatoa 10,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Ni ghali, lakini “ni ya wiki moja tu”. Shailoki hajui wiki. Ukianza mwezi umeulipia wote, kwa hiyo ni 2,000. Tarehe 24 anarudi kwa 10,000 nyingine, 2,000 tena. Tarehe 6 Machi mkopo wa simu unafikisha siku 30 bila kulipwa na unatozwa upya asilimia 7.5 ya 10,750, yaani 806. Katikati ya Machi deni la kwanza la shailoki linaingia mwezi wa pili: 2,000 nyingine. Jumla ni 7,556. Kiasi alichokopa ni kile kile, siku ni zile zile, lakini gharama imezidi mara kumi na mbili, karibu sehemu moja kwa sita ya mshahara anaousubiri. Na hakuna siku hata moja aliyofanya upuuzi.

Mtu atauliza: kwa nini asiende tu chamani siku ya kwanza? Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu kidogo. Marejesho ya chama hukatwa kwenye mshahara na mwajiri kisha kupelekwa chamani. Mshahara usipotoka, hakuna kilichopelekwa, na mikopo ya zamani ya wanachama inaanza kuonekana imechelewa. Ofisi inaweza kusimamisha mikopo mipya kwa sababu wanachama wote wa mwajiri mmoja wamekauka siku moja. Wadhamini wake je? Ni wenzake wa wodi moja, nao hawajalipwa. Mkopo wa bei nafuu unafungwa wakati ule ule unapohitajika, na unaobaki wazi ni ule wa mtu asiyeuliza hati ya mshahara. Mbaya zaidi ni pale mwajiri anapolipa mshahara huku makato akiyakalia: hati inaonyesha umekatwa, daftari la chama linaonyesha unadaiwa. Dalili ni rahisi kuiona. Linganisha taarifa ya chama na hati zako mwezi kwa mwezi. Pengo likianza, litaonekana kwenye tarehe ya mwisho ambayo chama kilipokea makato yako, si kwenye kiasi.

Malipo ya nusu yanaonekana kama huruma. Mara nyingi ni mtego mwembamba zaidi. Tuseme muuguzi mwenzake analipwa 45,000 benki, na benki hiyo hukata 14,000 za mkopo pesa zikiingia tu. Mwezi wa kawaida anabaki na 31,000. Akilipwa nusu, 22,500, benki haikati nusu ya marejesho yake. Inakata 14,000 zote, anabaki na 8,500. Nusu mshahara imekuwa robo ya matumizi. Akizihamishia M-Pesa na alikuwa amekopa 3,000 kwa Fuliza, hizo zinakatwa kabla hajazigusa, zinabaki 5,500. Na kama mwezi uliotangulia benki haikupata kitu, inasubiri marejesho mawili, na nusu yote inaweza kumezwa. Sheria ya Ajira inazuia makato ya mwajiri yasizidi theluthi mbili za mshahara, lakini kinga hiyo inaishia kwenye hati ya mshahara. Kinachotokea pesa zikishafika benki hakiko kwenye hesabu yake. Nusu hiyo pia inauhuisha uvumi: “wameanza kulipa, iliyobaki ni kesho”, na mtungi mwingine unanunuliwa.

Je, kichwani kunatokea nini? Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha jaribio ambalo watu 45 walifunua mawe kwenye kompyuta wakikisia kama chini yake kuna nyoka. Akiwepo, walipata mshtuko mdogo wa umeme mkononi. Msongo, uliopimwa kwa jasho na mboni za macho, ulikuwa juu kabisa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa umeme alikuwa ametulia kuliko asiyejua. Mshtuko wa maabara si notisi ya mwenye nyumba, lakini yeyote aliyekuwa akifungua simu usiku kuangalia kama ujumbe wa benki umeingia ataelewa.

Kwenye uamuzi, ushahidi haukubaliani kwa kila kitu. Utafiti wa mwaka 2013 kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, uliona wakifanya vibaya majaribio ya akili kabla ya mavuno kuliko baada yake. Mwingine wa Marekani mwaka 2016, uliolinganisha watu wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya mshahara, haukuona tofauti ya akili. Uliona tu kwamba kabla ya mshahara walipendelea zaidi pesa kidogo za sasa kuliko nyingi za baadaye. Tofauti moja si ya kupuuzwa: hao Wamarekani walijua siku yao. Ulio karibu zaidi na swali letu ulifanyika Odisha, India, kwa wafanyakazi wa kushona sahani za majani. Baadhi walipewa sehemu ya ujira mapema, wengine wakangoja mwisho, jumla ikiwa ile ile. Waliopokea mapema walitoa kazi zaidi na makosa yao yakapungua. Mwajiri anayechelewesha mishahara huenda naye ananunua maji kwa mtungi.

Kwa mtumishi wa kaunti, kitu kinachofaa kuliko uvumi ni kujua pesa ziko hatua gani. Ukisikia “zimetoka”, uliza zimetoka wapi. Kwanza Hazina huzituma kwenye akaunti ya mapato ya kaunti iliyoko Benki Kuu. Hapo bado si mshahara. Kaunti huandika ombi la kuzitoa, na Msimamizi wa Bajeti huliidhinisha au hulirudisha kwa dosari. Likipita, pesa huhamia akaunti ya matumizi, na ndipo orodha ya mishahara hupelekwa kwenye benki za biashara. Uvumi mwingi huzaliwa kwenye hatua ya kwanza, nao ndio unaowatuma watu kwa shailoki kwa “wiki moja tu”. Ombi likiwa bado halijaidhinishwa, kopa kama mtu wa siku 60 ikiwa mlango wa chama bado uko wazi, na mwenye nyumba mpe tarehe ya mbali. Mkopo wa wiki una maana baada ya idhini tu.