Zaka moja, hesabu mbili: mahali fomu foo wanapokosea

Jamani, shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Mkristo akisoma Malaki 3:10 anakuta "leteni zaka kamili ghalani", na hapo zaka ni fungu la kumi. Mwislamu akisikia zaka anawaza 2.5%. Sasa kwenye madaftari nakuta mtu kapiga 2.5% ya mshahara wa kila mwezi, mwingine kachukua 10% ya akiba, na wote wana uhakika kweli kweli.

Tuchukue watu wawili, Neema na Juma. Kila mmoja anaingiza 600,000 kwa mwezi, anatumia 450,000, zinabaki 150,000.

Neema ni rahisi. Fungu la kumi linaangalia kilichoingia, kwa hiyo 600,000 × 10% = 60,000 kila mwezi, hata kama mwezi huo hakubakiza senti. Angekuwa na genge, mauzo 400,000 na mzigo alinunua 310,000, wengi wanatoa kwenye faida ya 90,000, yaani 9,000, maana ile 310,000 ni mtaji wake umerudi tu. (Kwenye mshahara kuna ubishi, kabla ya makato au baada? Kwenye mtihani soma swali, kwingine muulize mchungaji wako.)

Juma ndo ana mtego. Zaka ya pesa inaangalia kilichobaki, kikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kudaiwa zaka, halafu kikakaa mwaka wa Hijria, siku kama 354. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au 595 za madini ya fedha, na masheikh wengi wanapima pesa kwa fedha ili maskini apate zaidi. Tuseme swali limekupa gramu ya fedha ni 3,000, basi nisabu ni 595 × 3,000 = 1,785,000.

Ukianzia sifuri, mwezi wa 11 Juma ana 1,650,000, bado. Mwezi wa 12 ana 1,800,000, kavuka. Nusu ya darasa hapo hapo wanagawa kwa 40, ndiyo ile 2.5%, wanaandika 45,000, na wanakosa, kwa sababu mwaka unaanza kuhesabiwa siku aliyofika nisabu, siyo siku aliyoanza kuweka, kwa hiyo leo hadaiwi kitu.

Mwaka unaofuata ana 3,600,000. Zilizotimiza mwaka ni zile 1,800,000 za mwanzo, ÷ 40 = 45,000. Hizi nyingine kila mwezi una tarehe yake, usumbufu mtupu, ndo maana watu wengi wanatoa zote kwa mpigo, 3,600,000 ÷ 40 = 90,000, nyingine zinakuwa zimetangulizwa na inaruhusiwa.

Na tafadhali usitoe nisabu kwanza. Kuna aliyeandika 3,600,000 − 1,785,000 = 1,815,000 akapata 45,375, kaifanya nisabu kama kiwango kisichokatwa kodi TRA. Nisabu ni mlango, ukishaingia unalipia zote.