Kilomita 24 kwa saa, lakini nyumbani saa 6:40: dhana potofu kuhusu wastani wa mwendo wa baiskeli

Jumamosi moja ya Julai nilitoka Mwenge, Dar es Salaam, saa 12 kamili asubuhi kwenda Bagamoyo na kurudi. Nyumbani niliaga kwamba saa 5 nitakuwa nimeshafika. Hesabu ilikuwa nyepesi: njia yangu, pamoja na mizunguko ya mle mjini Bagamoyo, ni kilomita 120, na mwendo wangu wa kawaida ni 24 kwa saa. Saa tano tu. Nilifika saa 6:40 mchana, nikakuta chakula kimepoa na watu wamenuna. Nikatazama kompyuta ya baiskeli kutafuta utetezi, nayo ikanipa: muda saa 5, wastani 24.0. Kwa mashine ile sikuchelewa hata dakika moja.

Dhana: Wastani unaoonyeshwa na kompyuta au simu ndio mwendo wa safari yangu.

Ule ni mwendo wa magurudumu yanapozunguka, basi. Kompyuta nyingi za baiskeli zina kitu kinachoitwa Auto Pause: ukisimama, saa yake nayo inasimama, ukiondoka inaendelea. Muda unaopatikana hivyo ni muda wa mwendo, ambao kwenye programu za kurekodi safari kama Strava au Garmin utausoma kama Moving Time. Ule mwingine, tangu ulipofunga mlango hadi ulipoufungua tena, ni muda wote wa safari, yaani Elapsed Time. Kwa safari za baiskeli, Strava inagawa umbali kwa muda wa mwendo, na ndiyo maana wastani unaoonekana mkubwa kwenye ukurasa wako unapendeza kuliko safari yenyewe ilivyokuwa.

Safari yangu ilichukua saa 6 na dakika 40. Gawa kilomita 120 kwa muda huo, unapata 18 kwa saa. Hapo saa yetu ya Kiswahili inatufaa kuliko mashine yoyote: ukitoka saa 12 kamili asubuhi, saa utakayoitaja kwa Kiswahili ukirudi mchana ndiyo muda wote wa safari, bila kutoa wala kujumlisha.

Dhana: Sikusimama sana.

Kila mwendesha baiskeli husema hivi, na husema kwa moyo safi, maana kituo kinachokumbukwa ni kimoja au viwili tu. Nilipokaa na rekodi nikahesabu dakika 100. Kifungua kinywa Bagamoyo kilikula 45, ingawa ningeapa kilikuwa nusu saa. Pancha ya mwenzangu pale Kerege ilichukua 20, ambazo kidogo zilienda kwenye tyubu na nyingi kwenye kutafuta mwiba ndani ya tairi. Madafu Bunju wakati wa kurudi, 15. Kununua maji ya chupa, 8. Zilizobaki, 12, ni taa na foleni kati ya Mwenge na Tegeta, nusu dakika hapa, dakika moja pale. Hizo ndizo sikuzikumbuka hata moja.

Tena taa zina gharama ya pili isiyoonekana. Auto Pause inaondoa sekunde ulizosimama, lakini haiondoi zile ulizokuwa unafunga breki kuikaribia taa, wala zile ulizokuwa unajivuta kurudi kwenye mwendo wako huku daladala imekubana upande. Zote hizo zinabaki ndani ya muda wa mwendo, kwa kasi ya 8, 12, 15. Ndiyo sababu kilomita za mjini hushusha wastani hata kwenye hesabu inayodai kusahau vituo. Ukilinganisha wastani wa mtu anayeanzia Mwenge na wa mtu anayeanzia Mapinga, hujalinganisha miguu yao.

Dhana: Nilizopoteza kwa kusimama nitazifidia kwa kukanyaga zaidi.

Hapa ndipo watu wengi huumia, mimi nikiwa mmojawapo, kwa hiyo tuende taratibu.

Tuseme nataka kufika nyumbani saa 6 kamili badala ya 6:40. Ninatafuta dakika 40. Njia ya kwanza ni kuzitoa kwenye miguu: kilomita 120 zile zile, lakini kwa saa 4 na dakika 20 za mwendo badala ya saa 5. Hiyo ni karibu kilomita 27.7 kwa saa. Kutoka 24 hadi 27.7 kunasikika kama jambo dogo, lakini baiskeli kwenye tambarare inapigana zaidi na hewa, na nguvu ya kuikata hewa inapanda kwa mchemraba wa mwendo. Ukijumlisha na msuguano wa matairi, ambao wenyewe hauna makuu, mtu wa umbo la kawaida aliyekaa wima kiasi atahitaji takriban asilimia 40 zaidi ya nguvu aliyokuwa akiitoa, na aitoe kwa saa nne na ushei mfululizo. Mimi siwezi. Nikijaribu, nitafika Bunju wakati wa kurudi nikiwa hoi, nikae kwenye madafu nusu saa.

Njia ya pili ni kuzitoa kwenye vituo. Kifungua kinywa cha dakika 25 kinanipa 20. Kununua maji na madafu mahali pamoja badala ya pawili kunanipa kama 10. Nyingine 10 zinapatikana kama kila mmoja anabeba tyubu nzima na kuibadilisha pale pale, ile yenye pancha ikabandikwe nyumbani. Zimetimia 40, na hakuna aliyetoa jasho la ziada.

Kuna kitu kingine cha kukiangalia hapo. Mwenye miguu mizuri akienda 30 kwa saa, kilomita 120 zitamchukua saa 4. Akisimama dakika 100 kama mimi, wastani wake wa safari nzima ni 21.2. Barabarani ananizidi kwa kilomita 6 kila saa, ila kwenye safari nzima ananizidi kwa 3.2 tu. Vituo vilevile vinamnyang'anya aliye na kasi zaidi. Hata hivyo atafika saa nzima kabla yangu. Kwa sababu hiyo mimi nimeacha kufikiri kwa kilomita kwa saa ninapopanga safari. Dakika zinajumlishwa na kutolewa kama shilingi, mwendo haukubali.

Dhana: Nilienda kwa 30, nikarudi kwa 20, kwa hiyo wastani ni 25.

Ni 24. Julai ni msimu wa kusi, na Bagamoyo iko kaskazini magharibi ya Dar, hivyo upepo ulinisukuma mgongoni kwenda na kunipiga usoni kurudi. Kilomita 60 za kwenda zilinichukua saa 2, za kurudi saa 3. Jumla saa 5, kilomita 120. Mwendo wa pole unahesabika zaidi kwa kuwa unaukalia muda mrefu zaidi. Na kituo ni mwendo wa sifuri, kwa hiyo kinafuata kanuni hiyo hiyo.

Dhana: Muda wa mwendo ni kipimo kamili, mashine yoyote ingetoa namba ile ile.

Wenzetu wawili walioandamana bega kwa bega wanaweza kurudi na muda wa mwendo uliotofautiana kwa dakika kadhaa, na hakuna aliyedanganya. Kila mashine ina kiwango chake cha mwendo ambacho chini yake inahesabu kwamba umesimama. Ukisukuma baiskeli kwa miguu kwenye mchanga, moja itasema unaenda, nyingine itasema umetulia. Hata kupanda mlima mkali kwa kujikongoja kunaweza kuifanya saa isimame na kuwaka, kusimama na kuwaka, na dakika za jasho kali kuliko zote zikapotea.

Kinyume chake hutokea mezani. Ukiacha GPS inarekodi huku umekaa chini ya bati, inayumba: inadhani uko hapa, mara uko mita kumi kule. Baadaye ukitazama ramani utaona pale mgahawani kuna mchoro kama wa mtoto aliyepewa kalamu. Mchoro ule unaweza kuongeza umbali na muda wa mwendo kwa pamoja. Kihisi cha mwendo kinachofungwa kwenye gurudumu kinamaliza tatizo hilo, kwa kuwa gurudumu lisipozunguka hakuna cha kuhesabu.

Halafu kuna mtego wa kubonyeza kitufe. Ukisimamisha rekodi kwa mkono unapokunywa chai, Garmin Connect itakuonyesha muda wa tatu, ulioandikwa Time tu, ambao umeshaondoa mapumziko uliyoyabonyeza. Wengi huuchukua kama ndio muda wote wa safari. Kujua ni rahisi: chukua saa uliyofika, toa saa uliyotoka. Namba usiyoipata kwa njia hiyo si Elapsed Time.

Dhana: Anayejitangazia muda wa mwendo anajipendelea.

Inategemea anajibu swali gani. Kama nataka kujua kama mazoezi ya miezi mitatu yamenisaidia, taa za Mwenge hazinihusu, na muda wa mwendo ndio wa haki. Haki yenyewe ina mipaka: aliyepumzika dakika 45 anarudi barabarani na miguu mipya, kwa hiyo 24 yake si sawa na 24 ya aliyenyoosha bila kushuka.

Lakini pale saa inapokuwa ya wote, hakuna huruma. Kwenye Strava yenyewe, kipande cha barabara ambacho watu hushindania kinapimwa kwa muda wote. Ukikuta taa nyekundu katikati, imekula kwako. Na Paris–Brest–Paris, safari ya Ufaransa ya takriban kilomita 1200 ambayo ilianza kama mashindano mwaka 1891, inatoa saa 90 kwa kundi lenye muda mrefu zaidi, na ndani yake mna kula, pancha na usingizi. Hiyo ni kama kilomita 13.3 tu kwa saa, namba ambayo kila mtu huicheka akiisikia. Anayeenda kwa 20 magurudumu yakizunguka atatumia saa 60, abakiwe na 30 za mengine yote katika takriban siku nne. Akishuka hadi 17, zinabaki saa 19 hivi, na hapo kila foleni ya chakula inakatwa kwenye usingizi.

Safari yangu ijayo ya Bagamoyo nimeshaiandika kwenye karatasi. Nimeaga saa 6. Dakika 360, na 300 ni za miguu. Zilizobaki ni 60: kifungua kinywa 25, taa na foleni 12, maji na madafu 13, na 10 za pancha ambayo naomba isitokee. Ikitokea mbili, madafu nitayaona kwa macho tu.