Mgrevilea na Mahindi: Kinachopunguza Mavuno Si Kivuli Peke Yake

Dhana potofu: Mahindi yaliyo karibu na mti hudumaa kwa sababu ya kivuli.

Ukweli: Kivuli huchangia, kwa kuwa mahindi yanahitaji jua kali, lakini katika maeneo makavu kama Machakos nchini Kenya, mara nyingi ni maji yanayoamua mavuno. Tazama shamba mchana, siku chache baada ya mvua kukatika. Ikiwa mistari iliyo karibu na mgrevilea imejikunja majani ilhali inapigwa na jua, na ile ya mbali bado imekunjua yake, shina la tatizo liko ardhini. Mahindi yaliyokosa mwanga, kwa upande wake, huwa membamba na hurefuka yakiutafuta.

Dhana potofu: Mizizi ya mti huenda chini na ya mahindi hubaki juu, kwa hiyo haigombanii chochote.

Ukweli: Hii ndiyo dhana iliyowaponza wengi, na inasikitisha kwamba bado inarudiwa. Mgrevilea una mizizi mirefu kweli, lakini una pia mizizi mingi myembamba katika tabaka lile lile la juu ambalo mahindi hulitegemea, na mvua ndogo haipenyi zaidi ya hapo. Utafiti uliofanywa Machakos katika miaka ya 1990 ulionyesha hata kwamba, udongo wa juu unapolowa huku wa chini ukiwa mkavu, mizizi ya mti huu huweza kuyashusha maji chini, mbali na mahindi.

Mkulima anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa kuchimba mtaro wa kina cha sentimita 30 hivi, nusu mita kutoka kwenye shina, upande mmoja tu wa safu ya miti, akikata mizizi anayoikuta, kisha akalinganisha mahindi ya pande zote mbili. Asikate pande zote kwa mara moja, kwani mti hudhoofika na huweza kuangushwa na upepo. Ajue pia kwamba mizizi huota tena, na kwamba mti unaweza kuhamishia ushindani upande ambao haukukatwa. Kupogoa matawi husaidia kwa njia mbili: mwanga huongezeka, na mti wenye majani machache hunywa maji kidogo.

Dhana potofu: Majani yakidondoka, mbolea imepatikana.

Ukweli: Mgrevilea haunasi naitrojeni ya hewani, na majani yake magumu huoza polepole, hivyo hufaa zaidi kufunika udongo kuliko kulisha mahindi ya msimu huo. Ule mgunga unaopukutisha majani mvua zinapoanza ni tofauti kabisa: hunasa naitrojeni, huangusha majani laini wakati mahindi yanapoota, na hauyatilii kivuli yanapokua. Hata hivyo, faida hiyo huonekana mti ukishakomaa, baada ya miaka mingi, na fosforasi inayoondoka na magunia ya mahindi haiundwi na mti wowote.