Dodoma wanakunywa mto gani?

Mpwa wangu alihamishiwa Dodoma kikazi. Wiki ya tatu akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hivi huku watu wanakunywa mto gani? Leo nimevuka madaraja matatu, chini ni mchanga mtupu. Moja nimekuta mtoto anachunga mbuzi katikati ya mto."

Swali lake si la mzaha. Sisi tunaofanya kazi ya maji huku Mtwara tunaulizwa jambo hilohilo kuhusu miji mingi ya nchi kavu, na karibu kila anayeuliza huwa ameshaangalia ramani akatafuta rangi ya buluu. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua la huko lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa zaidi ya hayo. Kwenye mji wa namna hiyo, buluu ya ramani inapoteza watu.

Ukitazama kusini, kwenye barabara ya Iringa, utaona Bwawa la Mtera. Ni kubwa, linavutia macho, lakini liko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini na lilijengwa kwa ajili ya umeme. Kaskazini mashariki, karibu zaidi, utaona Hombolo. Hapo ndipo wengi wanapoweka kidole. Hombolo ni bwawa la tuta la udongo, lilijengwa mwaka 1957, lina samaki na wakulima wanalitegemea. Ila jua linanyanyua maji na kuacha chumvi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na maji yake yamekuwa ya chumvichumvi. Mji haunywi kutoka humo.

Nilimwambia aache ramani kwanza, aangalie birika lake. "Ndani kuna ukoko mweupe," akasema. "Nikiusugua hautoki." Ukoko ule ni chokaa na madini mengine ambayo maji yameyayeyusha yakipita taratibu kwenye udongo na miamba. Maji ya mto wa mvua kwa kawaida hayaachi ukoko mwingi hivyo. Nikamuuliza pia: siku mvua kubwa ikinyesha, bomba linatoa maji ya tope? Hapana. Dar es Salaam, inayotegemea sana mto Ruvu, lazima iwe na mitambo ya kutuliza tope na kuchuja, kwa sababu mto ukifurika unakuja na rangi ya chai ya maziwa. Chanzo kilicho chini ya ardhi hakijui habari za mvua ya jana. Tahadhari moja tu: maji ya kahawia yakitoka nusu saa baada ya umeme kurudi au bomba kupasuka, hiyo ni kutu na mashapo ya ndani ya bomba, usihukumu chanzo kwa hayo.

Birika limetuambia maji yanatoka ardhini. Halijatuambia ardhi ya wapi, na hapo hakuna njia ila kufuata bomba kinyumenyume. Unaanza na tenki linalolisha mtaa wako, unauliza limejazwa kutoka wapi, kisha unauliza tena hivyohivyo mpaka ufike mahali ambapo hakuna bomba linaloingia, kuna linalotoka tu. Mpwa wangu alielekea kaskazini akafika Mzakwe, kwenye kituo cha kusukuma maji, kisha Makutupora, zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini. Mtu anayefuata mteremko peke yake asingefika, maana Makutupora iko bondeni, chini kidogo kuliko mji. Maji yanapandishwa kwa pampu. Kwa hiyo ukitafuta kwa picha za setilaiti, usitafute ziwa. Tafuta vibanda vidogo vilivyotawanyika uwandani, kila kimoja na uzio wake, nguzo za umeme zikivifuata, na usione mabwawa ya kutulizia tope karibu. Hilo ndilo eneo la visima virefu.

Kwa miongo mingi Makutupora ndiyo iliyoubeba mji. Siku hizi visima vimeongezwa kwingine, kama Nzuguni, lakini ukitaka kuielewa Dodoma anza hapo. Chini ya uwanda ule kuna miamba ya matale iliyooza na kupasuka, juu yake udongo na mchanga ulioletwa na maji. Maji yamekaa kwenye nyufa na kwenye mchanga, hakuna ziwa la chini wala mto wa chini kama watu wanavyopenda kusimulia.

Sasa, maji hayo yanaingiaje? Hapa ndipo yule mtoto na mbuzi wake wanaporudi. Kupima kisima tunatumia utepe wenye alama za mita, ncha yake ina chuma kidogo. Ukikishusha kikigusa maji kidude cha juu kinalia. Unasoma mita, unaandika tarehe, basi. Kazi hiyo imefanyika Makutupora tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zake ni kati ya ndefu kabisa za aina hiyo katika nchi kavu za tropiki. Zikichorwa kwenye karatasi hazipandi na kushuka kila masika kama mtu angetegemea. Zinashuka polepole miaka kadhaa mfululizo, kisha ghafla zinaruka juu. Mruko mkubwa kuliko yote ulikuwa msimu wa El Nino wa 1997/98. Mvua ya kawaida inalowesha udongo wa juu, jua na mizizi vinaichukua yote. Ni msimu wa mvua nyingi sana, unaokuja mara moja au mbili kwa muongo, unaofikisha maji chini. Na njia kuu ya kufikia ni makorongo yale makavu, hasa mto Kinyasungwe Mdogo unaokatiza uwanda huo kuelekea Hombolo: ukitiririka siku nyingi, mchanga wa sakafu yake unavujisha maji chini kwenye hifadhi ya maji ya ardhini. Kwa hiyo mpwa wangu hakukosea sana. Mto anaounywa ni uleule aliovuka mkavu, ila anaunywa miaka mingi baada ya kupita.

Hilo linaonyesha pia namna ya kudanganyika. Kisima kilichopimwa mara moja hakisemi chochote kuhusu usalama wa chanzo, hata kama maji yako juu. Huenda ni miaka miwili tu tangu mruko, na mteremko ndio kwanza unaanza. Pampu ikiwa inafanya kazi jirani, kipimo nacho kinashuka kwa saa chache tu, kwa hiyo lazima uulize imezimwa tangu lini.

Watu wa kwetu wasidhani haya ni mambo ya Ugogo. Newala na Tandahimba zinapata mvua nyingi kuliko Dodoma, lakini juu ya uwanda wa Makonde huoni kijito. Mchanga unakunywa kila tone. Maji yake yanavutwa kutoka visima vya Mitema, bondeni, yakapandishwa mlima kwa pampu. Anayetafuta chanzo kwa kutazama juu ya uwanda atazunguka siku nzima.

Januari mpwa akanipigia tena, sauti juu, nyuma yake maji yananguruma. "Mjomba, korongo limejaa! Sasa visima vimepona?"

"Limetiririka siku ngapi?"

"Jana na leo."

Nikamwambia anipigie likifikisha wiki ya tatu.